Buti limeandikwa -40 na bado nimeanguka mara mbili. Shida ni soli, baridi au miguu yangu?

#1 MsukumaWinnipeg
Habari zenu wadau. Nipo Winnipeg tangu Septemba, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi kali. Mwezi wa kumi na moja nilinunua buti la dola 180, lebo yake imeandikwa -40, nikajua hapo nimemaliza kazi. Mpaka leo nimeshaanguka mara mbili. Mara ya pili nimetua na kiuno karibu na kituo cha basi na hadi sasa nikiinama nasikia. Halafu vidole vinakufa ganzi nikisubiri basi, na nikivua buti jioni soksi zimelowa.

Ratiba yangu iko hivi: natembea dakika 12 hadi kituoni, nasimama dakika 15 hadi 20, kisha zamu ya muda wa saa nane ndani ya ghala. Buti lina soli nene yenye meno marefu, juu ni ngozi, ndani kuna manyoya ya bandia, na wanasema halipitishi maji.

Mtu akiingia dukani aangalie nini kwanza? Maana mimi naona vitu vyote vitatu, soli, joto na maji, vimenigomea kwenye buti moja.

#2 Chalii_wa_R
Pole sana mwanangu. Barafu haijauliza bei ya buti.

#3 Kamanda_Tairi
Pole ndugu. Mimi naendesha lori huku Alberta, mwaka wa tisa huu. Jibu ni fupi: meno. Tafuta soli yenye meno marefu zaidi ya hayo na nafasi pana katikati, kama tairi la trekta. Meno yakiwa mafupi theluji inajaa, unabaki unatembea juu ya sahani. Hayo mengine ni biashara.

#4 FundiSoli
Msukuma, pole. Nipo Toronto, natengeneza viatu kwa mikono yangu mwaka wa 14 sasa, na kila Januari napokea watu wenye malalamiko kama yako neno kwa neno.

Kabla sijasema lolote naomba unijibu mambo mawili. Siku ulizoanguka nje kulikuwa nyuzi ngapi? Na ulikanyaga nini hasa: theluji, barafu kavu, au barafu yenye maji juu?

@Kamanda_Tairi umesema nusu ya kweli. Theluji na barafu ni vitu viwili. Kwenye theluji laini meno marefu yanazama na kushika, hapo nakubaliana nawe. Kwenye barafu tupu jino halizami popote, linakaa juu. Kinachoshika pale ni mpira wenyewe kulalia barafu, na ukipanua nafasi kati ya meno umepunguza eneo la mpira linalogusa chini. Wewe ni mtu wa tairi, unajua tairi la baridi halimshindi lile la kiangazi kwa meno marefu peke yake. Mpira wake hubaki laini kwenye baridi, na una vile vichanjo vyembamba vingi juu ya meno.

#5 Kamanda_Tairi
Fundi sikatai mpira laini una kazi yake. Lakini hapa kwetu ukishuka kwenye lori uwanjani unakanyaga theluji ya goti. Huko Toronto mnatembea kwenye lami iliyopigwa chumvi.

#6 MsukumaWinnipeg
@FundiSoli mara ya kwanza ilikuwa -4 hivi, jua linawaka. Mara ya pili ilikuwa -1, na nilikuwa nashuka pale njia ya miguu inapoinama kukutana na barabara. Juu kulikuwa na majimaji.

Cha ajabu wiki iliyopita ilikuwa -29 na sikuteleza hata kidogo. Nilidhani baridi ikizidi ndiyo utelezi unazidi.

#7 FundiSoli
Ndiyo maana nimeuliza. Barafu iliyo karibu na sifuri ina maji juu yake, na hiyo ndiyo hatari kuliko zote. Kwenye -29 barafu ni kavu, ukikanyaga theluji inalia kama unatembea juu ya wanga. Watu wengi wanaanguka siku ambayo wamefurahi hali ya hewa imelegea.

Hapa Toronto kuna maabara inaitwa WinterLab, ya taasisi ya KITE chini ya University Health Network. Kazi yao mojawapo ni hii hii. Wanamvalisha mtu mkanda unaomning'iniza asiumie, anatembea juu ya barafu ya kweli, na chumba kizima kinainamishwa kidogo kidogo mpaka buti liteleze. Wanapima barafu kavu na barafu yenye maji. Buti likihimili mteremko wa nyuzi 7 linapata alama moja ya ua la theluji, nyuzi 11 mbili, nyuzi 15 tatu. Hiyo 7 waliichukua kutokana na mteremko wa pale pale ulipoangukia, njia ya miguu inapokutana na barabara. Matokeo wanayaweka kwenye ratemytreads.com, mtu yeyote anasoma bure.

Walipotoa matokeo ya kwanza mwaka 2016 walikuwa wamepima aina 98 za buti. Zilizopata hata alama moja hazikufika kumi. Na kati ya zilizofeli kulikuwa na mabuti mazuri kabisa kwa joto.

#8 Chalii_wa_R
Kwa hiyo 88 na ushee zilifeli mtihani wa kushuka ukingo wa barabara? Msukuma upo na wenzako wengi.

#9 Mwanalamu
Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Tromsø, kaskazini ya Norwei, nafanya kazi kiwanda cha samaki. Naona mwajitesa bure. Tazameni alama kwenye ulimi wa kiatu: ikiandikwa SRC, basi hicho kimepimwa utelezi na kimepita mtihani mkali. Mimi sivai kisicho na SRC.

#10 FundiSoli
Waaleikum salaam. Ndugu yangu, alama hiyo ni ya kweli na kiwandani kwako inakufaa sana. Ila SRC, ambayo kanuni ya 2022 imeiondoa, ilipimwa kwenye vigae vyenye maji ya sabuni na kwenye bati la chuma lililopakwa gliserini. Barafu haimo kwenye kipimo hicho. Kuna soli zinashika vizuri kwenye kigae cha sabuni ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 20, kisha zikikaa nje usiku mmoja zinakuwa ngumu kama sahani ya plastiki.

#11 Mwanalamu
Subhanallah. Miaka minne naitegemea alama hiyo njiani. Sasa naelewa kwa nini kiwandani sianguki, na mlangoni pa nyumba yangu nimeanguka Ramadhani iliyopita na sufuria mkononi.

#12 Nyakio_MN
Sasa jameni. Mimi ni nesi, Minneapolis. Mnaongea soli peke yake na huyu kaka amesema vidole vinakufa ganzi. Hiyo ndiyo ya haraka. @MsukumaWinnipeg vidole vikishakufa ganzi vinabadilika rangi? Vinakuwa vyeupe au vya kijivu? Na soksi unavaa ngapi?

#13 MsukumaWinnipeg
Rangi haibadiliki sana dada, na nikiingia ndani ya basi dakika kumi vinarudi kwa kuchomachoma. Soksi navaa pea tatu, za pamba. Buti linabana kidogo ila nilisema ngozi itatanuka.

#14 Nyakio_MN
Hapo sasa. Pea tatu za pamba ndani ya buti linalobana! Manyoya ya ndani yanakupa joto kwa sababu ya hewa iliyokaa katikati ya nyuzi. Ukiyashindilia, hewa inatoka, na tena damu haifiki kwenye vidole vizuri. Unaongeza soksi na unazidi kupata baridi. Pamba nayo inanyonya jasho na kukaa nalo.

Toa zote. Vaa pea moja nene ya sufu, au nyembamba ndani na ya sufu juu, na vidole viweze kucheza ukiwa umefunga kamba. Usipoweza kuvikunja na kuvikunjua, buti ni dogo, hata lebo iseme -60. Na vikianza kuwa vyeupe na kukosa hisia kabisa, ingia ndani mara moja. Usivisugue, na usivipashe kwenye hita.

#15 Deo_wa_Goma
Bandugu, jambo. Miye niko hapa Winnipeg tangu 2017. Dada Nyakio anasema kweli. Mwaka wa kwanza nilinunulia watoto mabuti sawasawa na mguu yao, wakalia baridi kila siku. Mwaka wa pili nikaacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino, na soksi ya sufu ndani. Kilio kikaisha, na buti lilikuwa la bei ndogo kuliko la kwanza.

Kaka Msukuma, tena ingine: pale kituoni usisimame kwa simenti. Miye nabeba kipande cha boksi, nakikunja kwa mfuko, nasimama juu yake. Watu wananiangalia, mi nawaacha.

#16 Kamanda_Tairi
Boksi tena? Huku kwetu hatujafika huko. Nunua buti la gramu 1000 uachane na maboksi.

#17 MsukumaWinnipeg
@Kamanda_Tairi langu limeandikwa gramu 400. Hiyo si uzito wa buti?

#18 FundiSoli
Hapana. Ni uzito wa ile pamba ya joto kwa kila mita moja ya mraba ya kitambaa chake. 200 ni kwa mtu anayetembea muda wote, 400 ni ya kati, 800 na 1000 ni kwa mwindaji au mvuvi anayekaa kimya juu ya ziwa lililoganda. Ukivaa 1000 kisha ukaingia kazini ghalani kwa muda wa saa nane, utachemka.

Na hilo boksi la Deo msilicheke. Angalia hiyo 400 imewekwa wapi. Mara nyingi inazunguka pembeni na juu ya mguu, chini ya wayo unakuta kipande chembamba tu, kwa sababu uzito wako ungeikandamiza hata ingewekwa. Msukuma akisimama dakika 20 juu ya simenti ya -25, joto linashuka kupitia soli. Boksi linakata njia hiyo. Suluhisho la kudumu ni soli ya ndani ya sufu iliyoshindiliwa, nene kiasi cha milimita 6 au zaidi, mradi buti lina nafasi. Langu la kutembelea lina moja ya sufu na chini yake kuna karatasi ya foili. Sufu ndiyo inayofanya kazi.

Kuhusu ile -40: kwa viatu vya kawaida vya madukani kila kampuni inaandika kwa kipimo chake, na wengi wanahesabu mtu anayetembea, siyo anayesubiri basi. Mimi nikiona -40 kichwani naisoma -20 kwa mtu aliyesimama. Hayo ni makadirio yangu ya dukani, msiyachukue kama sheria.

#19 Mwanalamu
Kwa viatu vya kazi huku Ulaya ipo alama ya CI. Hiyo nina hakika nayo, maana mkaguzi wetu alitusomea. Wanakiweka kiatu kwenye baridi ya -17 kwa dakika 30, na joto la ndani lisishuke zaidi ya nyuzi 10. Au nayo utaniambia ni ya sabuni?

#20 FundiSoli
Hiyo ni sahihi kabisa, na angalau ni kipimo kimoja kwa kila kampuni. Upungufu wake ni dakika 30 tu. Hakikuambii cha dakika ya 90.

#21 Mpagazi_Machame
Wakuu salaam. Nimefurahia mada. Mimi nina safari ya kupandisha wageni Kilimanjaro mwezi ujao, njia ya Machame. Je, haya mabuti ya gramu 800 yatafaa kufika Uhuru? Kule juu kuna barafu.

#22 Chalii_wa_R
Mzee wa Machame, jamaa anauliza kituo cha basi Kanada, wewe umeshafika mita 5,895.

#23 FundiSoli
Mwache, swali lake lina maana. Kaka, wewe unatembea siku kadhaa, na chini ni joto na matope. 800 itakulowesha jasho kabla hujafika Shira. Chukua buti la kupandia la kawaida lisilopitisha maji, lenye nafasi, na soksi nzito za kubadilisha usiku wa kwenda kileleni. Zaidi ya hapo wewe unaujua mlima kuliko mimi.

#24 Mpagazi_Machame
Asante fundi. Basi na mimi niwaachie moja ya mlimani. Usiku wa kileleni wazee wetu wanavaa soksi nyembamba, juu yake mfuko wa nailoni, halafu soksi nene. Mguu unalowa kidogo lakini soksi nene inabaki kavu na joto halipotei. Huyo kaka anayelowa soksi ajaribu.

#25 Nyakio_MN
Kwa usiku mmoja mlimani sawa. Kwa mtu wa zamu ya saa nane, kila siku, sikubali. Ngozi itakaa kwenye unyevu mpaka ikunjamane na kupata fangasi. Nimeona miguu kama hiyo kliniki.

#26 Mpagazi_Machame
Dada, wageni wangu sijaona aliyepata fangasi.

#27 Nyakio_MN
Wageni wako wanashuka baada ya siku saba kaka. Huyu ana mpaka Aprili.

#28 MsukumaWinnipeg
Hapo ndipo ninapotaka kujua. Haya maji kwenye soksi ni ya nje au ni jasho langu? Kama ni ya nje nataka kurudisha buti, risiti ninayo bado.

#29 FundiSoli
Usirudishe kabla hujapima. Leo usiku likaushe kabisa. Kesho toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu mpaka kwenye ncha ya vidole, kisha simamisha buti ndani ya beseni lenye maji mpaka juu kidogo ya pale ngozi inapokutana na soli. Usivuke sehemu ambapo ulimi umeshonwa pembeni, maana juu ya hapo buti lolote linaingiza maji. Weka kitu kizito ndani lisielee. Subiri nusu saa, toa gazeti moja moja, na uangalie limelowa wapi. Pima yote mawili, kulia na kushoto.

Magazeti yakitoka makavu, basi ni jasho. Yakilowa kwenye mkunjo wa vidole, ule utando wa ndani unaozuia maji umechanika au gundi imeachia.

#30 Deo_wa_Goma
Ao anunue lile la mpira chini, ngozi juu. Mpira hauna utando wa kuchanika. Miye la kwangu ni hivyo, ndani lina soksi ya sufu nene ya kuchomoa. Usiku naichomoa, naiweka mbali kidogo na hita, asubuhi iko kavu.

#31 FundiSoli
Deo, kwa Winnipeg hilo ni chaguo zuri, na hasa hiyo sufu ya kuchomoa. Buti lenye manyoya yaliyogundishwa ndani halikauki kwa usiku mmoja, unalivaa asubuhi likiwa na jasho la jana. Hapo ndipo baridi inapoanzia. Ila mpira mtupu haupumui hata kidogo, kwa hiyo jasho lote litaingia kwenye sufu. Usipoichomoa kila siku umejidanganya.

#32 Mwanalamu
Lakini ule utando si unapumua? Nimelipa pesa nyingi kwa sababu hiyo.

#33 FundiSoli
Unapumua, kwa kiasi. Mvuke unasukumwa kutoka penye joto kwenda nje. Ila nje kukiwa na baridi kali, mvuke unageuka kuwa maji au barafu ndani ya kitambaa na ngozi kabla haujatoka. Na ngozi yenyewe ikishalowa kwa nje, njia imezibwa. Kwa majimaji ya kwenye -1 hadi +3 utando ni mzuri sana. Kwa -30 kavu huna maji ya kuzuia, unachohitaji ni joto na mahali pa jasho kwenda.

#34 MamaKeza
Mwaramutse! Samahani nimechelewa, nilikuwa zamuni. Mimi ni Mrundi, naishi Oulu, Ufini, nahudumia wazee majumbani, natembea nyumba kwa nyumba. Mbona hakuna aliyetaja misumari? Huku karibu kila mtu wa rika langu kazini ana viatu vya misumari, vile vidogo vya chuma vilivyopachikwa kwenye soli. Kwenye barafu yenye maji hakuna mpira unaovifikia. Sijaanguka nje misimu mitano.

#35 Kamanda_Tairi
Njumu! Hapo sasa tunaongea. Hiyo si ndiyo meno niliyosema?

#36 MamaKeza
Siyo meno kaka. Ni chuma kigumu chenye ncha, kinachoma barafu. Jino la mpira halichomi kitu.

Lakini niseme na ubaya wake. Mwaka juzi niliingia duka la dawa, mlangoni kuna vigae vilivyolowa. Hatua ya pili miguu yote miwili ikaondoka, nikashika kaunta kwa viwiko. Chuma juu ya kigae ni kama chuma juu ya kioo. Na kwa wazee siwezi kukanyaga sakafu ya mbao nayo, nabadilisha viatu kila mlango. Kwa anayeingia basini na ghalani, hiyo ni shida.

#37 FundiSoli
Mama Keza ameniwahi. Kwa hiyo Msukuma una njia tatu na kila moja ina gharama. Misumari ya kudumu, inashika kuliko yote nje na inakutupa ndani. Misumari ya kuvalisha juu ya buti, unaivua mlangoni na kuweka mfukoni, ila wengi huchoka kuvua na kuvaa ndani ya wiki moja. Na soli za mpira uliochanganywa na vipande vigumu, kama Arctic Grip au Green Diamond, ambazo ndizo zilizofanya vizuri kwenye kile kipimo cha 2016. Hizo unaingia nazo popote. Ubaya wake ni kulika. Ukizitembeza sana kwenye lami kavu, ule ukali unaondoka. Nimebadilisha soli za mteja ambaye msimu wa kwanza alizisifu na wa tatu akazitukana.

Na kama utanunua mpira wa kawaida, fanya hivi. Dukani soli zote ni laini kwa sababu duka lina joto. Nyumbani lifunge kwenye mfuko safi, liache kwenye friza usiku mzima kabla hujalitembeza nje. Asubuhi bonyeza soli kwa ukucha na ukunje buti. Ukucha ukiacha alama na kurudi, sawa. Ukiteleza kama unabonyeza ndoo, lirudishe dukani likiwa bado jipya.

#38 Kamanda_Tairi
Mimi bado nasema tatizo lake kubwa ni kutembea. Mtu aliyetoka Mwanza anapiga hatua ndefu, kisigino kwanza, mikono mfukoni. Barafuni unatembea hatua fupi, unaweka wayo wote, uzito juu ya mguu wa mbele. Mpe buti lolote, akitembea kama anawahi daladala ataanguka.

#39 MamaKeza
Hapo @Kamanda_Tairi nakuunga mkono.

#40 FundiSoli
Mimi nusu. Wale wa maabara walikuwa wanatembea vizuri na wanajua wanapimwa, na bado mabuti mengi yaliteleza kabla ya mteremko wa nyuzi 7.

#41 Chalii_wa_R
Hivi mtumba? Kuna jamaa yangu Edmonton kapata buti la jeshi, jipya kabisa, halijavaliwa, dola 30. Lilikaa stoo ya mtu miaka kumi.

#42 FundiSoli
Mwambie alishike soli pembeni, ile sehemu ya povu kati ya ngozi na mpira wa chini, abonyeze kwa dole gumba kwa nguvu. Povu la polyurethane huzeeka hata likiwa ndani ya boksi, unyevu wa hewa unalivunja taratibu. Nimeletewa buti lisilo na mkwaruzo hata mmoja, mwenyewe kalivaa siku moja, soli imemeguka kama mkate mkavu. Likitoa nyufa au unga, asilipe hata dola 5.

#43 Chalii_wa_R
Nimempigia. Anasema ameshatembea nalo siku mbili na kuna "vipunje" kwenye zulia. Basi nimeelewa.

#44 MsukumaWinnipeg
Wadau nimerudi na majibu ya beseni.

La kushoto: magazeti yote makavu. La kulia: limelowa kwenye mkunjo wa vidole upande wa nje, doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kwa hiyo kulia maji yanaingia, na kushoto ni jasho langu. Soksi zote mbili zinalowa sawa, ndiyo maana sikujua.

Nimebonyeza na soli pia, nililiacha barazani usiku ikiwa -22. Ukucha haukuacha alama yoyote.

Nimetoa soksi za pamba. Nimevaa pea moja ya sufu, jana nimesimama dakika 18 juu ya boksi la Deo kwenye -20. Vidole vilipata baridi ila ganzi haikufika. Buti ni lile lile.

#45 Nyakio_MN
Umeona! Na bado hujanunua kitu.

#46 FundiSoli
Umepima vizuri kuliko wateja wangu wengi. Hilo la kulia lirudishe na risiti, waonyeshe gazeti lenye doa. Ukichukua jipya, chukua saizi iliyozidi nusu au moja, lenye sufu ya kuchomoa, na ukajaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile utakazovaa kazini. Kwa kuwa unaingia ghalani, mimi ningekwenda kwenye soli ya mpira wenye mchanganyiko, na misumari ya kuvalisha mfukoni kwa siku za -1. Uliza pia kazini kama ghala linataka buti lenye chuma cha vidole. Likitaka, tafuta alama ya pembetatu ya kijani ya CSA, shirika la viwango la Kanada.

#47 Kamanda_Tairi
Chuma cha vidole kwenye baridi? Kitamgandisha! Achukue cha plastiki ngumu.

#48 FundiSoli
Hilo watu wanabishana kila msimu. Mimi nimevaa vyote viwili, na tofauti ndogo niliyoiona ilikuwa nafasi ya vidole. Kikombe cha chuma ni chembamba, cha plastiki ni kinene, kwa hiyo kwenye saizi moja cha chuma kiliniachia nafasi zaidi ya soksi.

#49 Kamanda_Tairi
Njoo Fort McMurray Januari halafu urudie maneno hayo.

#50 Mwanalamu
Na chumvi ya barabarani je? Ngozi yangu imepata mistari myeupe, na karibu na soli imeanza kupasuka.

#51 FundiSoli
Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha acha ikauke mbali na hita, na upake nta ikishakauka. Hiyo mipasuko karibu na soli itazame vizuri. Kama buti lilikuwa linakaushwa juu ya hita, gundi nayo imeanza kuachia.

#52 Mwanalamu
Linakaa juu ya hita kila siku. Naliondoa sasa hivi.

#53 MsukumaWinnipeg
Asanteni sana wote. Jumamosi narudi dukani. Utabiri unasema Jumapili itakuwa -2 na jua, na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo pale penye mteremko nitapita tu, hata kama buti jipya sijapata.

#54 Deo_wa_Goma
Kaka, mke wangu ana misumari ya kuvalisha, haitumii, amechoka kuivua vua. Mguu yake ni kubwa kidogo, itaingia kwa buti lako. Niandikie kwa ujumbe ni kituo gani, Jumamosi jioni nikitoka kanisani naipitisha.